Koko, mvua ya zamani ilianzaka lini?

Somo la kusoma katika kikundi: kupanda maharagwe ya sezoni A

Ndugu wanachama wa koperative, somo la mara hii ni mazungumzo. Watu wawili wanaweza kuyasoma kwa sauti mbele ya kikundi, mmoja akiwa Koko, mwingine mjukuu wake. Koko huyu analima katika kijiji kimoja cha milimani, teritwari ya Kalehe, juu ya ziwa Kivu. Amezaliwa miaka michache kabla ya uhuru. Tumeacha maneno yao jinsi watu wanavyosema kule, na pale penye hesabu tumeongeza maelezo yetu.

Ni katikati ya mwezi wa tisa. Usiku mvua imenyesha, ya kwanza tangu mwezi wa sita. Asubuhi njia imejaa watu wenye majembe na vikapu vya mbegu. Mjukuu anatoka nyumbani na mfuko wa kilo 9 za maharagwe mafupi, mbegu aliyokopa kwa koperative. Baada ya mavuno atarudisha kilo 12. Shamba lao ni ari 10, yaani meta 10 kwa meta 100, kwenye mteremko. Koko amekaa kwenye kizingiti na hainuki.

MJUKUU: Koko, jambo. Twende basi. Watu wote wameshashuka.

KOKO: Jambo, mutoto wangu. Wende, watakuja kutuambia.

MJUKUU: Lakini ni wewe mwenyewe ulinifundisha. Ulisemaka: tarehe kumi na tano ya mwezi wa tisa, anayebaki nyumbani ni mgonjwa ao mvivu. Leo ni tarehe 16, na mvua imenyesha.

KOKO: Nilisema vile mwaka jana pia. Tulipanda lini mwaka jana?

MJUKUU: Tarehe 14.

KOKO: Na tulikula nini?

MJUKUU: Hatukukula kitu. Jua lilipiga zaidi ya wiki mbili. Tulifukua mbegu, zingine zilikuwa zimevimba na kuoza, zingine zimetoa mukia kidogo na kukauka. Tulipanda tena tarehe 6 ya mwezi wa kumi, na mbegu ya kununua sokoni.

KOKO: Njo maana nimekaa.

MJUKUU: Koko, basi zamani mlifanyaka namna gani? Mvua ilianzaka kweli tarehe moja kila mwaka? Ao ni vile wazee wanapenda kusifu siku zao?

KOKO: (anacheka) Unaniita muongo na heshima. Miye sikusoma, sikuandika tarehe. Lakini kuko mambo makubwa yalitokea, na najua siku ile maharagwe ilikuwa namna gani shambani. Weka kwenye kaye yako, halafu uhesabu mwenyewe. Ile mwaka Nyiragongo ilimwaga moto mara ya kwanza, nilikuwa nimeolewa karibuni. Watu walikuja kutoka upande wa Goma na habari ile. Tulikuwa kwenye uwanja, tunapiga maharagwe na fimbo. Ilikuwa imekauka yote.

MJUKUU: Ile ni tarehe 10 ya mwezi wa kwanza, 1977. Tulisoma masomoni. Maharagwe ya huku inachukua karibu miezi mitatu shambani. Ongeza wiki mbili za kungoa na kuanika. Nikirudi nyuma, nakuta mwisho wa mwezi wa tisa. Mlikuwa mmepanda tarehe 25 ao 26, labda mbele kidogo.

KOKO: Sasa andika ingine. Vita ya Kabila muzee, wakati Bukavu ilianguka. Tulikimbia juu, kwenye pori, na niliacha shamba lenye maua. Nakumbuka maua ile, nyeupe, shamba lote. Nilisema moyoni: nani atakula?

MJUKUU: Bukavu ilianguka mwisho wa mwezi wa kumi, 1996. Maharagwe inatoa maua karibu siku 40 baada ya kupanda. Nikitoa siku 40... nakuta karibu tarehe 20 ya mwezi wa tisa.

KOKO: Unaona? Miaka makumi mbili katikati, na tofauti haifiki hata wiki moja.

Hapa tusimame kidogo. Hesabu hii ya mjukuu ni njia nzuri ya kumuuliza mzee juu ya mvua, bora kuliko kumuuliza «mvua ilikuwa namna gani zamani?» Ukiuliza hivyo, kila mzee atajibu kwamba zamani ilikuwa nzuri. Lakini ukimuuliza mmea ulikuwa umefikia wapi siku ya jambo linalojulikana, anakupa alama unayoweza kuhesabu kutoka kwayo. Ni vizuri zaidi kuwauliza wamama, kwa sababu wao ndio walioweka mbegu ardhini.

Lakini alama mbili hazitoshi kumaliza neno. Kati ya 1977 na 1996 kuna miaka 18 ambayo Koko hakuisema. Mjukuu naye ameliona.

MJUKUU: Koko, miaka yote ilikuwa hivyo? Hakukuwa hata mwaka mmoja mubaya?

KOKO: Ilikuwako. Nikiwa bado kwa wazazi, mwaka mmoja jua lilikatala kutoka. Tulichimba mizizi ya migomba, tukaipika. Lakini mwaka ule ulipewa jina, watu waliutajaka kila siku, juu ulikuwa peke yake. Sasa hatuna majina ya kutosha.

MJUKUU: Basi mvua imechelewa kuliko zamani.

KOKO: Apana. Usiandike vile. Mwaka juzi ilianza lini?

MJUKUU: (anafungua kaye) Mwaka juzi... tarehe 5 ya mwezi wa tisa. Na haikusimama.

KOKO: Tarehe tano! Tulikuwa hatujamaliza kulima. Wale waliongoja tarehe kumi na tano walikuta majani imepita magoti. Mwaka juzi mapema, mwaka jana nyuma. Kama ingechelewa tu kila mwaka, ningesogeza tarehe yangu na kunyamaza. Shida ni kwamba haina tena tarehe.

Neno hili la Koko ndilo tunalotaka kikundi kilishike, maana mara nyingi tunasikia kwenye mikutano kwamba «mvua imepungua» au «mvua imechelewa», na mwanachama anarudi nyumbani akiwaza kusogeza siku ya kupanda kwa wiki tatu. Mwaka ambao mvua inawahi, huyo atapoteza wiki tatu za unyevu bure. Kosa liko katika kupanda kwa tarehe, iwe ya zamani, iwe mpya.

MJUKUU: Sasa kama haina tarehe, tutajuaje? Mvua imenyesha usiku, nimeisikia kwenye mabati. Kwa nini hii isiwe yenyewe?

KOKO: Lete jembe.

(Wanashuka shambani. Udongo ni mweusi, umelowa, unanukia vizuri. Koko anapiga jembe mara moja na kulivuta, anaingiza mkono katika shimo.)

KOKO: Weka vidole vyako hapa chini. Unasikia nini?

MJUKUU: Vumbi. Iko kavu kabisa! Lakini juu kuko matope.

KOKO: Mama mkwe wangu njo alikuwa anafanya hivi. Hakujua tarehe hata kidogo. Alipiga jembe, akaingiza mkono, na kama vidole vinakuta vumbi alirudi nyumbani, hata kama majirani wote wanapanda. Miye nilimucheka. Miaka mingi mvua ilikuja sawasawa, mkono wake na tarehe yangu vilikubaliana, nikaona kazi ya kuchafua vidole ni ya bure. Nikaacha jembe, nikashika tarehe. Nikakufundisha tarehe.

MJUKUU: Ngoja tuone na chupa.

(Chupa ya mjukuu iko juu ya mti uliosimikwa uwanjani. Anaisoma: milimita 11.)

Chupa hiyo kila mwanachama anaweza kuitengeneza. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu ambayo pande zake zimenyooka, isiyo na mikunjo wala kiuno. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kupungua, uigeuze na kuitia ndani, mdomo chini, kama bakuli la kumiminia. Inapokea mvua na kuzuia jua lisinywe maji. Chini tia mawe madogo ili upepo usiiangushe, kisha maji mpaka yafunike mawe na kufika pale ambapo pande zimenyooka. Piga mstari hapo: ni sifuri. Kutoka sifuri kwenda juu, weka alama na rula ya shule; milimita moja ya rula ni milimita moja ya mvua. Ifunge juu ya mti unaofika kiunoni, mbali na nyumba na miti. Kama mgomba una urefu wa meta 4, kaa mbali nao meta 8. Soma kila asubuhi saa moja, andika, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Aliyesahau kurudisha maji atahesabu mvua ya juzi mara mbili. Tumeona kaye za namna hiyo, zenye mvua nyingi kuliko ya Mungu.

Milimita moja maana yake ni lita moja ya maji juu ya kila meta moja ya mraba.

MJUKUU: Milimita 11. Agronomu alituambia jua na upepo wa huku vinaweza kunywa karibu milimita 4 kwa siku moja ya jua wazi. Kumi na moja ukigawa kwa nne... haifike siku tatu.

KOKO: Na mbegu inachukua siku ngapi kutoka?

MJUKUU: Huku kwenye baridi, wiki moja, mara nyingine siku 9 ao 10.

KOKO: Basi siku ya tatu maji imekwisha, na mbegu iko bado ndani. Imeshakunywa, imevimba, haiwezi tena kurudi kuwa mbegu. Njo ile tulifukua mwaka jana.

MJUKUU: Kumbe ingekaa katika vumbi kabisa, ingebaki nzima.

KOKO: Ingekaa. Kinachoua ni maji kidogo. Mvua ya namna hii inadanganya mbegu sawa inadanganya watu.

(Wanarudi nyumbani na mfuko wa kilo 9. Jirani mmoja anawauliza kwa nini wamegeuka. Koko anamwambia: «Tumesahau kitu.»)

Mazungumzo ya pili ni ya mwezi wa kumi. Katika kaye ya mjukuu, baada ya milimita 11 za tarehe 16, kuna sifuri siku baada ya siku, kisha milimita 5 tarehe 24, kisha sifuri tena. Tarehe 1 ya mwezi wa kumi ameandika 14, tarehe 2 ameandika 3, tarehe 3 ameandika 12.

MJUKUU: Koko, siku tatu, milimita 29. Agronomu anasema tungoje milimita 20 mpaka 25 ndani ya siku tatu. Imepita.

KOKO: Chupa imesema. Sasa tuulize udongo.

MJUKUU: Kama chupa imesema, juu ya nini tena kuchimba?

KOKO: Chupa iko uwanjani. Shamba liko kwenye mteremko. Maji ya juu inatembea.

(Wanachimba mahali patatu: juu ya shamba, katikati, na chini karibu na mtaro. Kila mahali wanachimba mpaka sentimita 20, urefu wa kiganja cha mtu mzima kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya vidole. Mjukuu anachukua udongo wa chini kabisa na kuukamua mkononi. Chini unashikamana kama ugali. Katikati unashikamana, na akiusukuma kwa kidole unavunjika vipande vikubwa. Juu unashikamana mpaka sentimita 15. Baada ya hapo unamwagika.)

MJUKUU: Juu haijafika vizuri.

KOKO: Juu ya pale hakuna udongo mwingi, maji ilikimbia. Tuanzie chini na katikati leo. Juu tutapanda ikinyesha tena. Usimalize mfuko.

Walipanda kilo 6 tarehe 4, na kilo 3 zilizobaki tarehe 9, baada ya mvua nyingine ya milimita 18. Kwa udongo mzito wa milima yetu, milimita 25 zinalowesha karibu sentimita 15 tu kama udongo ulikuwa umekauka kabisa. Kwenye mchanga maji yanashuka mbali zaidi, lakini hayakai. Ndiyo maana tunasema chupa na jembe vitumike pamoja. Mwenye kuchagua kimoja achague jembe.

Na majirani? Mjukuu alipita katika mashamba yao. Wengi waliopanda tarehe 16 na 17 kwenye mteremko walikuwa na mmea mmoja hapa, mwingine pale. Lakini jirani mwenye shamba bondeni, karibu na mto, alikuwa na maharagwe yenye majani matatu, mazuri kuliko ya Koko. Chini kule udongo haukauki hata wakati wa kiangazi. Mvua ya milimita 11 ilimtosha. Hakukosea, na mtu wa mlimani akimfuata atapoteza mbegu.

MJUKUU: Koko, swali. Kama mvua ya kweli isingefika mpaka mwezi wa kumi na moja, tungengoja tu?

KOKO: Hapo sasa sijui. Mama mkwe wangu hakufika pale.

MJUKUU: Nilimuuliza agronomu. Maharagwe mafupi inakaa karibu siku 85. Tukipanda tarehe 4 ya mwezi wa kumi, tunavuna mwisho wa mwezi wa kumi na mbili. Hata tukipanda tarehe 25, tunavuna katikati ya mwezi wa kwanza, na bado tuna nafasi ya kulima kwa ajili ya sezoni B. Mbele ya pale, tunakula muda wa sezoni B, na sezoni B ikipandwa nyuma, kiangazi cha mwezi wa sita kinaikuta na maua. Na wadudu wa shina wanapenda maharagwe iliyochelewa.

KOKO: Na muhindi?

MJUKUU: Muhindi wa huku juu unakaa miezi mitano. Huo hauwezi kungoja kama maharagwe. Kama mvua imechelewa mpaka katikati ya mwezi wa kumi, afazali mbegu ya muda mfupi, ao uweke maharagwe peke yake na kuacha muhindi kwa mwaka ule.

Mazungumzo ya tatu hayakupangwa. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, maharagwe yameanza kufunga, mvua kubwa ilishuka mchana na kwisha ndani ya saa moja. Chupa ilionyesha milimita 47. Koko na mjukuu walisimama chini ya paa wakiangalia maji mekundu yakishuka njiani.

KOKO: Hii sasa njo sikuijua. Zamani mvua iliingiaka asubuhi, ikanyesha polepole mpaka jioni, watu wakakaa ndani na kuchoma mahindi. Udongo ulikunywa yote. Hii inapiga sawa mtu mwenye hasira, halafu jua.

MJUKUU: Lakini Koko, ulinihadizia kwamba ukiwa mudogo, baba yako akifanya kazi Uvira, ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba.

KOKO: Ndiyo. Tulikuwa tunavua samaki kwenye njia.

MJUKUU: Basi mvua kali ilikuwako.

KOKO: Ilikuwako. Ni kweli. Hiyo sikuwaza.

Mjukuu ana haki. Mvua nyingi za 1961 na 1962 zilipandisha maziwa mengi ya Afrika ya Mashariki, na ziwa Tanganyika lilifika juu sana mwaka 1964. Ziwa hilo limepanda tena miaka hii na kuingia katika mitaa ya Uvira na Bujumbura. Hivyo mtu akisema mvua kubwa ni jambo jipya kabisa, tumrudishe kwenye miaka hiyo. Kilichobadilika ni hiki: hewa imekuwa ya moto zaidi, na hewa ya moto inabeba maji mengi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila digrii moja ya joto inayoongezeka. Inakaa muda mrefu ikikusanya, kisha inamwaga kwa mara moja. Ndiyo sababu chupa inaweza kuonyesha mvua ileile kwa mwezi mzima, na shamba likawa na kiu katikati ya mwezi huohuo.

Wengi katika vikundi vyetu wanasema pia kwamba chemchemi ya kijiji imekauka, kwa hiyo mvua imepungua. Koko alisema hivyo mpaka alipoona hesabu ya chupa. Chemchemi inakauka pia pale mvua inaposhuka yote lakini haiingii ardhini: msitu umekatwa juu, udongo umekuwa mgumu, maji yanakimbia mtoni kwa saa moja badala ya kushuka polepole kwa miezi. Kalehe inajua maji hayo yanakwenda wapi. Mwezi wa tano 2023, mvua ya siku moja ilishusha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa.

MJUKUU: Nimehesabu. Shamba letu ni meta za mraba 1,000. Milimita moja juu yake ni lita 1,000, ni bidoni 50 za lita 20. Milimita 47 ni bidoni 2,350. Ndani ya saa moja, Koko.

KOKO: Na tumeshika ngapi?

MJUKUU: Twende tuone mtaro.

(Mtaro wa chini umejaa maji na matope. Katikati ya shamba, pale ambapo hakuna mtaro, maji yamekata mfereji wa kina cha mkono na kuchukua mistari mitatu ya maharagwe.)

KOKO: Hapa hapa kulikuwa mtaro. Baba mkwe wangu aliuchimba. Wazungu waliwalazimisha, asiyechimba alifungwa. Uhuru ulipofika, 1960, watu walifukia mitaro kwa furaha, wakapanda juu yake. Mume wangu alinionyesha mahali. Tuliona ni ardhi tuliyorudishiwa.

MJUKUU: Tuuchimbe tena?

KOKO: Tuuchimbe. Mara hii hakuna wa kutufunga, tutauchimba muzuri.

MJUKUU: Agronomu anasema usifuate macho, macho yanadanganya kwenye mlima. Anatumia miti mitatu iliyofungwa sawa herufi A, na kamba yenye jiwe katikati. Miguu miwili ikiwa sawasawa, jiwe linasimama kwenye alama ya katikati. Unatembeza ile kutoka ukingo mpaka ukingo, unaweka kijiti kila mguu unapogusa, halafu unachimba kwa kufuata vijiti. Mtaro ukiinama hata kidogo, maji yote inakimbilia upande mmoja na kupasua, na hapo ni mubaya kuliko bila mtaro.

KOKO: Na udongo wa kutoa unaweka juu ao chini?

MJUKUU: Huku kwetu alisema juu ya mtaro, halafu upande majani ya kulisha mbuzi pale, setaria ao tripsakumu, mizizi ishike. Ukiweka chini bila majani, mvua ya kwanza inaupeleka kwa jirani.

KOKO: Jirani yule wa bondeni. Shamba lake njo limejaa udongo wetu.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao

Kila mwanachama amuulize mzee mmoja wa kwake, mama zaidi kuliko baba, maharagwe au muhindi ulikuwa umefikia wapi siku ya jambo fulani ambalo tarehe yake inajulikana: Nyiragongo ya mwezi wa kwanza 1977 au 2002, vita ya mwezi wa kumi 1996, ndoa au ubatizo ulioandikwa kwenye karatasi. Hesabu kurudi nyuma mpaka siku ya kupanda, na uandike pia kama shamba lilikuwa mlimani au bondeni. Katika mkutano, wekeni tarehe zote pamoja kwa mstari mmoja, halafu chini yake tarehe ambazo nyinyi wenyewe mlipanda miaka mitano iliyopita, pamoja na zile mlizopanda mara ya pili. Yule anayeshika mbegu za mkopo aandike karibu na kila jina kilo ngapi zilipandwa mara ya pili, kwa sababu kilo hizo ndizo zitaonyesha kama inafaa koperative igawe mbegu kwa mara mbili, nusu kwa nusu, badala ya kuzitoa zote siku ya mvua ya kwanza.